Rangi ya Nyumba ya Kaka

Ofisini walimwita Mama Rangi, na jina lenyewe hakulipenda hata siku moja. Si kwamba alikuwa mtu wa marangi. Mwenyewe alivaa kijivu mwaka mzima. Walimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyechora ramani za maporomoko ya ardhi, zile zinazoonyesha kwa kijani, njano, chungwa na nyekundu ni wapi mlima unaweza kumeguka na wapi utatulia. Mtu akija na swali la kiwanja chake, mlinzi wa getini anamwelekeza kwa Mama Rangi, eti akaambiwe yeye ni rangi gani. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, magoti mabovu, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Kazi yenyewe, tuseme ukweli, haina uchawi. Watu hudhani kompyuta inaota ndoto halafu inatoa ramani. Haioti kitu. Unaikata wilaya nzima katika miraba midogo, na kila mraba unauuliza maswali mawili: mteremko wako ni mkali kiasi gani, na umekaa juu ya mwamba gani. Kisha unachukua nukta za maporomoko yaliyokwisha kutokea, unatazama zimeangukia kwenye miraba ya aina gani. Baada ya hapo ni kugawanya tu, hesabu ya shule ya msingi. Kama ardhi ya mteremko fulani ni asilimia ishirini ya wilaya, lakini imebeba asilimia arobaini ya maporomoko, basi uwiano wake ni mbili. Imepata mara mbili ya fungu lake. Ukipata moja, hapo hali ni ya kawaida. Ukipata chini ya moja, hapo pana nafuu. Uwiano wa mteremko unaujumlisha na uwiano wa mwamba, mraba kwa mraba, na jumla inavyopanda ndivyo rangi inavyozidi kuwaka.

Ramani ya kwanza aliimaliza mwaka wa nyuma, na ilipokelewa vizuri mno. Ilionyesha bonde lote la mto kuwa jekundu, na miteremko ya juu kuwa ya kijani. Nani angebisha? Kila mtu mjini alijua kwamba mlima ukishuka wanaozikwa ni watu wa bondeni. Mkuu wa kitengo, mjiolojia mpole aliyependa kufunga macho akifikiri, aliweka sahihi. Halmashauri ikaanza kupanga jinsi ya kuwahamisha watu wa bondeni, na wa juu wakaambiwa wakae kwa amani.

Sasa huko juu ndiko alikoishi kaka yake.

Kaka yake huyo alikuwa fundi mwashi, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alimsomesha kwa kubeba zege kwenye majengo ya wenzake, na nyumba yake mwenyewe akaijenga mwisho, kidogokidogo, kwa tofali alizofyatua kwa mikono yake kwenye kipande alichokichonga ubavuni mwa mlima. Ramani ilipotoka, Mama Rangi alishindwa kungoja hata Jumapili. Alipanda moja kwa moja baada ya kazi, akamwambia kaka yake kwamba nyumba yake ni ya kijani, kijani kabisa, alale fofofo. Kaka akacheka, akasema yeye alikuwa analala fofofo hata kabla ya ramani. Lakini wiki ileile alianza kumwaga msingi wa vyumba viwili vya uani, ili binti yake aliyeachika arudi nyumbani na wanawe. Wifi, yaani mke wa kaka, alisema kwa utani kwamba tangu aolewe hajawahi kupata faida yoyote kwa huyo wifi yake, leo ndiyo mara ya kwanza.

Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wa zamani. Mama Rangi aliishi kwenye giza hilo kwa raha mwaka mzima.

Lililomtoa ni kazi ya kuchosha tu. Halmashauri ilitaka maelezo ya ramani kwa lugha ya kawaida, kurasa chache za kuwasomea wananchi, na yeye ndiye aliyepewa kuandika. Akaanza na jedwali la uwiano. Ardhi tambarare, ile ya mteremko chini ya nyuzi kumi: moja nukta tisa. Miteremko mikali, ya kuzidi nyuzi thelathini: nusu. Alijaribu kuliandika hilo kwa maneno ya mtu wa kawaida. Akaandika: ardhi tambarare huporomoka zaidi kuliko mlima mkali. Akasoma. Akafuta. Akaandika tena kwa namna nyingine, ikatoka vilevile.

Unaweza kuangalia tarakimu mwaka mzima zisikuambie kitu, halafu ukiiandika sentensi moja ya Kiswahili inakucheka usoni. Ardhi tambarare iporomoke iende wapi?

Alijituliza. Ramani ilikuwa imepimwa. Katika nukta zote alizokuwa nazo, sehemu alikuwa ameziweka kando, hazikutumika kuitengeneza, na ramani ilipokamilika aliziangusha juu yake aone kama zitaangukia kwenye nyekundu. Zilianguka kwenye nyekundu, karibu zote. Kipimo gani tena kinatakiwa? Alirudia kujiambia hivyo asubuhi nzima, na kila aliporudia alizidi kujua kwamba hajiamini. Mchana akaomba gari, akaenda na dereva hadi kwenye nukta iliyokuwa karibu zaidi.

Kile kifaa cha setilaiti kinachosoma mahali ulipo kilimfikisha kando ya barabara, kwenye kalavati. Akasimama juu ya nukta yenyewe. Chini ya viatu vyake ardhi ilikuwa bapa, ungeweza kucheza karata hapo. Palikuwa na nyapara wa barabara na watu wake wakizibua mtaro, na Mama Rangi akamuuliza, kwa adabu zote, kama anakumbuka poromoko la mahali hapo. Nyapara alikumbuka sana. Yeye mwenyewe ndiye aliyelichukulia vipimo, na mengine mengi barabara nzima. Yeye na watu wake ndio waliozipeleka nukta zile ofisini. Huwa wanapigiwa simu kwamba njia imeziba, wanakuja, wanasimama palipo na tope, wanabonyeza kifaa, wanaanza kuzoa.

Mama Rangi akauliza: "Na kule lilikoanzia?"

"Mama, sisi kazi yetu ni tope," nyapara akasema. "Nani apande kule juu na koleo mkononi?"

Hakuwa na kosa, nyapara wa watu. Alitakiwa kufungua njia, akafungua njia. Mama Rangi alinyanyua macho, na sasa aliona, maana alijua anatafuta nini. Mbali juu ya barabara palikuwa na kovu, bonde dogo kama limechotwa kwa bakuli, limefunikwa na vichaka vya juzijuzi vyenye kijani kichanga kuliko majirani zake. Alipanda. Magoti yalimlilia njia nzima, dereva akamfuata nyuma akiguna. Walipofika kwenye ukingo wa juu, pale udongo ulipokatikia, mteremko ulikuwa mkali hata akashika mizizi asimame. Mwamba ulikuwa ule wa matabaka uliooza kwa mvua, alioumegua kwa kucha ukawa unga.

Basi ndiyo hivyo. Nukta zake zote zilionyesha maporomoko yalikoishia, na yeye alizisoma kama mahali yalikoanzia. Ndiyo maana tambarare ya bondeni ilipewa dhambi zote, pamoja na mashapo ya mto yaliyolala chini yake, na miteremko iliyofanya kosa lenyewe ikaachiwa huru. Hata kile kipimo alichojivunia kilikuwa bure: nukta alizoziweka kando zilichukuliwa na watu walewale, kwa kusimama kwenye tope lilelile. Kosa lilipimwa kwa kosa, likapata alama za juu. Aliketi pale ukingoni. Alikuwa amechoka tu, amechoka mpaka kwenye mifupa, na mbele yake, ng'ambo ya bonde, aliona bati jipya la vyumba viwili vya uani.

Mkuu wa kitengo alimsikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alisema kwamba ile nusu ya miteremko mikali hata yeye aliiona mwaka jana, ikamkwaza, akaiacha ipite kwa kuwa ramani ilikubaliana na makaburi. Hakumlaumu, wala hakujitetea. Walikubaliana kwamba kazi irudiwe. Picha za angani zilikuwepo. Kila nukta ingepandishwa kutoka kwenye tope hadi kwenye kovu lake. Zile za zamani hazitatupwa, maana zina ukweli wao: zinasema udongo unafika wapi. Kwa hiyo watu wa bondeni wasije wakaambiwa wamepona. Ingetoka ramani ya mlima unakoanzia kumeguka, na ya pili ya udongo unakofika, zisomwe pamoja.

Alizipandisha nukta moja moja, wiki baada ya wiki, macho yakimwaga machozi nyuma ya miwani. Hakuna kazi ya kuchosha kama kutafuta makovu kwenye picha. Unatazama msitu mpaka unaona makovu hata kwenye sahani ya wali. Alipomaliza aligawanya upya. Tambarare ikashuka hadi sehemu moja ya kumi. Miteremko ya kuzidi nyuzi thelathini, ambayo ni moja ya tano ya wilaya, ilibeba zaidi ya nusu ya maporomoko. Uwiano mbili nukta sita. Mwamba wa matabaka uliooza ukafika mbili nukta nne. Mraba wa nyumba ya kaka ulikuwa na vyote viwili. Mwaka jana jumla yake ilikuwa moja na kitu kidogo. Sasa ilikuwa tano. Nyekundu ile ya mwisho, ambayo juu yake hakuna rangi nyingine.

Na hapa ndipo shetani alipovuta kiti akakaa karibu naye.

Mteremko pale kwa kaka ulikuwa nyuzi thelathini na moja. Mpaka wa lile tabaka kali ni thelathini. Nani aliuweka mpaka? Yeye mwenyewe. Angeweza kuuweka thelathini na mbili na hakuna mtaalamu duniani ambaye angemshika shati, kwa sababu mipaka hiyo ni ya kuchagua. Alijaribu, eti aone tu. Alibadilisha tarakimu moja, akabonyeza, akangoja. Nyumba ya kaka ikaingia kwenye tabaka la chini yake, jumla ikapungua, nyekundu ikawa chungwa. Agizo la halmashauri la kuhamisha watu lilihusu nyekundu peke yake. Wa chungwa walitakiwa kuchimba mitaro ya maji na kukaa macho.

Aliiacha hivyo mchana kutwa. Alikunywa chai akaitazama, akajibu simu akiitazama. Damu nzito kuliko maji, jamani, na mtu huyu alimbebea zege. Lakini kadiri alivyoitazama ndivyo alivyoona kwamba haikuwa nyumba moja iliyobadilika. Mstari mzima wa nyumba za upande ule ulikuwa umegeuka chungwa, nyumba za watu asiowajua, wenye watoto wanaolala chini ya udongo uleule wa kumeguka kwa kucha. Mpaka ukiusogeza kwa ajili ya hesabu, ni hesabu. Ukiusogeza kwa ajili ya kaka yako, unachora ndugu yako, huchori mlima. Akapiga moyo konde, akairudisha thelathini. Hakujisikia shujaa hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyemchongea aliyemlea.

Alipanda kwa kaka jioni ileile, kabla habari haijamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Kaka alikuwa anapiga lipu chumba cha mwisho cha uani, wifi anamshikia ndoo. Mama Rangi aliwaeleza yote, nukta na tope na kovu, bila kujificha nyuma ya wataalamu wala kompyuta. Wifi aliweka ndoo chini taratibu. Kaka aliendelea kusawazisha lipu mpaka ukuta ukawa laini, ndipo akageuka.

"Mwaka jana kijani, mwaka huu nyekundu," akasema. "Mdogo wangu, mwakani niitegemee rangi gani?"

Kaka akataka kujua ni lini basi, mwezi gani, mvua ya ngapi, maana fundi hujenga kwa vipimo. Hapo ikabidi amwambie lililo gumu kuliko yote: ramani haijui lini. Inajua mahali panapofanana na palipoanguka. Panaweza kuanguka msimu huu, panaweza kusimama mpaka wajukuu wazeeke. Kaka akasema kwa upole uliouma kuliko tusi kwamba kumbe anafukuzwa kwenye nyumba yake na kitu kisichojua hata siku.

Alikataa kuhama. Majirani walikwenda, wengine shingo upande, wengine kwa kulia, kwenye viwanja walivyogawiwa upande wa graniti, ule mwamba mgumu usiomeguka; yeye akabaki. Hata mjumbe wa halmashauri alipewa chai akarudi alivyokuja. Aliyevunja ukaidi ule ni wifi. Asubuhi moja alifunga vyombo vyake, akawashika mkono wajukuu wawili na mama yao, akashuka nao hadi kwa Mama Rangi. Alimwambia mumewe kwamba yeye hajui mambo ya uwiano, lakini huyo wifi yake ni mkaidi, mbishi, mpishi mbaya, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumsikia akisema uongo unaomuumiza mwenyewe. Kaka alikaa peke yake siku chache, akashindwa. Alishuka na godoro kichwani na sanduku la zana, na hakumsalimia mtu.

Basi wakaishi hivyo, watu sita katika nyumba ya vyumba viwili, wakingoja fundi ajengewe kwenye kiwanja ambacho hakutaka hata kwenda kukiona. Kaka alikula alichopewa, akashukuru, akanyamaza. Hakumtukana mdogo wake hata mara moja. Lakini kila asubuhi alitoka, akasimama kwenye kona ambako mlima unaonekana na nyumba yake ubavuni, akarudi na kutoa taarifa kwa neno moja tu: "Imesimama." Halafu anakunywa chai.

Mvua zilianza. Kila siku, imesimama. Mtaani watu walianza kucheka. Wengine walishaanza kurudi juu mchana kulima bustani zao, wakisema Mama Rangi aliwakimbiza na rangi za mdomo. Ofisini aliendelea na kazi. Hakuwa na haja ya kujitetea, maana hakuna aliyesema mlima utaanguka kesho. Aliyajua hayo kichwani. Moyoni mambo yalikuwa mengine, na hakuthubutu kumwambia mtu: mvua ilipozidi alisikiliza, na akajikuta anasubiri. Alikuwa anaitaka ile ngurumo. Mtu amwombee kaka yake nyumba yake iporomoke? Alijishangaa, akajiogopa.

Kisha ikanyesha siku tatu bila kukatika. Asubuhi ya nne kulikuwa na ukungu, na kaka alikaa kwenye kona yake muda mrefu kuliko kawaida, akingoja upite. Mama Rangi alimngojea mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka shingoni.

"Imesimama," kaka akasema.

Kitu kikaanguka kifuani mwa Mama Rangi, na hakikuwa nafuu. Alijaribu kugeuza uso, lakini kaka alikuwa amekwishamwona. Aliyemlea tangu hajaota meno ya pili, angemficha nini? Akamwekea chai mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, kaka."

Kaka alikishika kile kikombe kwa mikono yote miwili. Hakunywa.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Hata mimi nilienda kuangalia kama imeanguka."